Shilingi Moja Kwenye Bei Zinazoishia na 25

Chukua kikokotoo chochote utafute asilimia 18 ya shilingi 225. Utapata 40.5. Kama ankara yako haiandiki nusu shilingi, utafanya kile tulichofundishwa sote shule ya msingi: nusu hupanda, jibu ni 41. Sasa ipe hesabu hiyohiyo programu iliyoandikwa kwa lugha ya Python, ambayo mwandishi wake alitumia amri ya kawaida ya kukadiria namba. Itakuandikia 40. Ukidhani programu hiyo inashusha kila nusu, ipe bei ya shilingi 75, ambayo asilimia 18 yake ni 13.5. Itakuandikia 14, sawasawa na hesabu yako.

Kosa la namna hii lina shida yake. Halizimi mashine wala halileti ujumbe mwekundu kwenye kioo. Linaonekana leo, kesho halionekani, na kila anayelitazama haraka huondoka na sababu isiyo sahihi. Kulirekebisha ni kazi ya mistari michache. Kazi kubwa ni kuwaeleza wengine kwa maandishi kosa lilikuwa nini, limerekebishwaje, na kuna ushahidi gani kwamba limekwisha.

Maandishi hayo yana mahali pake. Timu za waandishi wa programu hutunza nakala kuu ya msimbo wao kwenye mitandao kama GitHub. Anayetaka kuubadilisha haigusi nakala kuu moja kwa moja. Hufungua tawi lake, hufanya marekebisho humo, kisha hupeleka ombi la kuyaunganisha na nakala kuu, ambalo wenyewe huliita pul rikwesti. Wenzake husoma mistari iliyoondolewa na iliyoongezwa, huuliza maswali, kisha hukubali au hukataa. Juu ya mistari hiyo pana nafasi ya maelezo. Mistari hujieleza yenyewe kuhusu kilichobadilika. Kwa nini kimebadilika, na kwa kiasi gani, ni maelezo tu yanayoweza kusema.

Tuufuate mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme duka la vifaa vya ujenzi Tanzania Bara linatoza Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18. Programu yake ya ankara hukokotoa kodi ya kila mstari na kuiandika kwa shilingi nzima. Mhasibu wa duka hujumlisha upya kwa Excel kila mwisho wa mwezi, na kila mara jumla yake huizidi ile ya programu kwa shilingi kadhaa.

Dalili iandikwe kwa namba

Maelezo mengi ya marekebisho huanza na kichwa kama "Rekebisha hesabu ya kodi". Kichwa hicho hakimsaidii mtu atakayekitafuta mwaka ujao, kwa sababu hakimwambii hesabu ilikuwa na nini. Kichwa kinachosaidia hutaja tabia ya zamani na tabia mpya: "VAT: nusu shilingi ipande juu, isifuate namba shufwa".

Baada ya kichwa inakuja dalili, nayo iandikwe kwa mfano ambao msomaji anaweza kuurudia mwenyewe. Kwa duka letu, aya ya kwanza ingesomeka hivi:

> Mstari wa ankara wenye bei ya shilingi 225 unatozwa VAT ya shilingi 40. Kwa utaratibu wa mhasibu inapaswa kuwa 41, kwa sababu asilimia 18 ya 225 ni 40.5 na nusu hupanda. Bei ya shilingi 75 inatozwa 14, ambayo ni sahihi. Tofauti haizidi shilingi moja kwa kila mstari.

Mfano wa 75 umewekwa kwa makusudi. Dalili iliyoelezwa vizuri hutaja mahali kosa linapotokea na mahali lisipotokea, kwa maana mpaka kati ya hayo mawili ndio unaoelekeza kwenye chanzo. Angetaja 225 peke yake, msomaji angedhani programu inakata desimali zote, na angekwenda kutafuta kosa pasipo na kosa.

Chanzo sicho kinachodhaniwa kwanza

Mwandishi wa programu akisikia kosa la senti au nusu shilingi, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye mshukiwa wa siku zote: jinsi kompyuta inavyohifadhi desimali. Mshukiwa huyo ana rekodi. Kompyuta huhifadhi namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na sehemu kama moja ya kumi haina mwisho katika uandishi huo, kama vile moja ya tatu isivyo na mwisho katika desimali zetu. Ndiyo maana Python, ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2, hujibu 0.30000000000000004. Hata 0.18 yetu haihifadhiwi kamili. Inayokaa ndani ya mashine ni pungufu kidogo mno.

Lakini mshukiwa anapaswa kuhojiwa kabla ya kuhukumiwa, na kumhoji hapa ni mstari mmoja. Ukiiambia Python izidishe 225 kwa 0.18, inajibu 40.5, bila mkia wowote. Upungufu ule ni mdogo kiasi kwamba unamezwa wakati wa kuzidisha. Kwa hiyo namba inayofika kwenye amri ya kukadiria ni nusu kamili, na kosa liko mbele ya hapo, kwenye amri yenyewe.

Amri hiyo, `round`, haifuati kanuni ya shule ya msingi. Namba ikiwa katikati kabisa ya namba mbili nzima, huipeleka kwenye ile iliyo shufwa. Hivyo 4.5 inakuwa 4, 13.5 inakuwa 14, 22.5 inakuwa 22, na 31.5 inakuwa 32. Kanuni hii haikuwekwa kwa bahati mbaya. Nusu zikipanda zote, jumla ya namba nyingi huelemea juu kidogo kidogo. Zikipanda nusu yake na kushuka nusu yake, mielemeo hiyo hufutana. Kiwango cha kimataifa cha hesabu za desimali katika kompyuta, IEEE 754 cha mwaka 1985, kiliifanya kuwa kanuni ya kawaida.

Mwelemeo huo si nadharia tupu. Mwezi Januari 1982 soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo chake cha bei kikiwa na pointi 1,000. Kila kilipokokotolewa upya, programu iliacha desimali tatu na kuzikata zilizobaki badala ya kuzikadiria. Kila mkato ulipunguza chini ya elfu moja ya pointi, lakini mikato ilikuwa mingi kila siku na yote ilielekea chini. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilisomeka karibu 524, hali soko lenyewe halikuwa limeanguka. Kilipokokotolewa upya kwa usahihi kilikuwa karibu 1,098.

Kwa hiyo kanuni ya shufwa ni nzuri kwa takwimu na kwa hesabu ndefu za kisayansi. Kwenye ankara mahitaji ni mengine: mnunuzi, muuzaji na mhasibu wapate jibu moja, kila mmoja kwa kikokotoo chake. Excel hupandisha nusu. Mataifa ya Ulaya yalipojiandaa kuhamia sarafu ya euro, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1103 ya mwaka 1997 ilitamka wazi kwamba fedha inayoangukia katikati kabisa baada ya kubadilishwa ipandishwe. Ni suala la makubaliano, na makubaliano hayo huwekwa na wenye hesabu. Mwandishi wa programu kazi yake ni kuyauliza, kisha kuyaandika.

Bado pana swali ambalo maelezo mazuri hayalikwepi: kama kosa ni la siku zote, mbona halikuonekana mapema? Jibu moja liko kwenye historia ya lugha yenyewe. Python 2 ilipandisha nusu. Python 3, iliyotoka Desemba 2008, ilihamia kwenye kanuni ya shufwa. Programu iliyoandikwa enzi za Python 2 na kuhamishwa baadaye inaweza kubadilisha majibu yake bila mtu kugusa mstari hata mmoja wa kodi.

Jibu la pili liko kwenye bei. Asilimia 18 ya bei ya shilingi nzima huangukia kwenye nusu kamili pale tu bei inapoishia na 25 au 75. Zinazoishia na 75 zina witiri upande wa chini, kama 13 katika 13.5, hivyo kanuni ya shufwa huzipandisha na kulingana na mhasibu. Zinazoishia na 25 zina shufwa upande wa chini, kama 40 katika 40.5, hivyo hushushwa. Kosa lote, basi, linakaa kwenye bei zinazoishia na 25. Duka linalouza kwa mamia na hamsini halitaliona kamwe. Litaonekana siku atakapoletwa msumari au bolti inayouzwa shilingi 225 moja.

Aya ya chanzo ikiandikwa hivi, mhasibu asiyejua Python kabisa anaweza kuifungua ankara yoyote ya nyuma na kuithibitisha kwa kalamu.

Kilichobadilika

Msimbo wa zamani ulikuwa huu:

```python
def vat(bei):
    return round(bei * 0.18)
```

Na mpya ni huu:

```python
from decimal import Decimal, ROUND_HALF_UP

KIWANGO = Decimal("0.18")

def vat(bei):
    kodi = Decimal(bei) * KIWANGO
    return int(kodi.quantize(Decimal("1"),
                             rounding=ROUND_HALF_UP))
```

Mambo mawili yamebadilika. Hesabu sasa inafanywa kwa `Decimal`, aina ya namba inayohifadhi desimali kama tunavyoziandika kwa mkono, tarakimu kwa tarakimu. Na kanuni ya kukadiria imetajwa kwa jina, `ROUND_HALF_UP`, badala ya kuachiwa lugha iamue. Badiliko la pili ndilo linaloondoa kosa. La kwanza linaondoa wasiwasi wa siku kiwango cha kodi kitakapobadilika na hesabu kuwa na mkia ambao 0.18 haikuwa nao.

Kuna alama mbili ndogo humo ambazo maelezo yanapaswa kuzitaja, maana mtu anaweza kuziondoa akidhani anasafisha: alama za kunukuu zinazoizunguka 0.18. Zikiwepo, Python husoma 0.18 kamili. Zikiondolewa, husoma kwanza ile namba pungufu ya ndani ya mashine, na `Decimal` huutunza upungufu huo kwa uaminifu. Asilimia 18 ya 225 inakuwa 40.4999999999999985 na kuendelea, na kwa kuwa hiyo si nusu tena, inashuka kuwa 40. Bei za 75 nazo, ambazo zilikuwa sahihi kabla ya marekebisho, zingeanza kukosea. Marekebisho yenye herufi mbili pungufu yangeongeza kosa mara mbili, na msomaji wa haraka asingeiona tofauti.

Maelezo hayo pia yataje njia iliyokataliwa, kwa sababu mkaguzi wa kwanza atakayeyasoma atauliza. Waandishi wengi hupandisha nusu kwa kuongeza 0.5 kisha kukata desimali: 40.5 inakuwa 41.0, na baada ya kukata ni 41. Ni fupi na inaeleweka. Inaharibika mteja anaporudisha bidhaa. Ankara ya kurudisha huandikwa kwa hasi, na hasi 40.5 ukiiongeza 0.5 unapata hasi 40. Mteja aliyetozwa kodi ya 41 angerudishiwa 40, na shilingi moja ingebaki vitabuni bila mwenyewe. `ROUND_HALF_UP` ya Python huipeleka nusu mbali na sifuri pande zote mbili: 40.5 kuwa 41, na hasi 40.5 kuwa hasi 41. Mauzo na marejesho hufutana.

Jinsi ilivyojaribiwa

Hapa ndipo maelezo mengi huwa na sentensi moja tu: "Nimejaribu, inafanya kazi." Sentensi hiyo haimwachii mkaguzi kitu cha kukagua. Anahitaji kujua nini kilijaribiwa, dhidi ya nini, na matokeo yalikuwaje.

Jaribio la kwanza liandikwe kabla ya kugusa msimbo, na lishindwe. Linadai kwamba VAT ya 225 iwe 41. Likiendeshwa kwenye msimbo wa zamani linapata 40 na kushindwa. Kwenye mpya linafaulu. Kushindwa kwa kwanza kuna thamani yake, maana kunaonyesha kwamba jaribio linaligusa kosa lenyewe. Jaribio lililozaliwa likifaulu huenda halipimi chochote.

La pili ni kupitia bei zote. Kwa namba nzima jambo hili ni rahisi kuliko linavyosikika: bei zote kuanzia shilingi 1 hadi 100,000 hukokotolewa kwa muda mfupi. Kinachotakiwa ni jibu la kulinganishia lisilotoka kwenye `Decimal` wala kwenye `round`, la sivyo tungekuwa tunaupima msimbo kwa msimbo uleule. Hesabu ya namba nzima inatosha: zidisha bei kwa 18, ongeza 50, gawanya kwa 100 na uache baki.

```python
for bei in range(1, 100_001):
    assert vat(bei) == (bei * 18 + 50) // 100
```

Kwa 225 hiyo ni 4,050, ukiongeza 50 ni 4,100, ukigawanya ni 41. Hakuna desimali iliyotumika popote, kwa hiyo hakuna mahali pa kukadiria vibaya. Njia hii imeachwa kwenye jaribio na haikuingizwa kwenye programu kwa sababu ileile ya marejesho: bei ikiwa hasi, nayo inatoa hasi 40.

La tatu ni kulinganisha tabia ya zamani na mpya kwenye bei hizohizo, na kuhesabu zinapotofautiana. Kama maelezo ya chanzo ni ya kweli, tofauti ziwe 1,000 kamili, yaani 25, 125, 225 na kuendelea hadi 99,925, na kila moja iwe ya shilingi moja kwenda juu. Ndivyo inavyokuwa. Jaribio hili ndilo ninalolithamini kuliko yote. Mengine yanaonyesha kwamba jibu jipya ni sahihi, lakini hili linaonyesha kwamba tulilielewa kosa, kwa sababu tulitabiri idadi yake kabla ya kuhesabu. Tofauti zingekuwa 1,003, mtu asingepaswa kuunganisha chochote mpaka zile tatu zipate maelezo.

La nne ni marejesho: kwa kila bei, VAT ya bei hiyo ikijumlishwa na VAT ya hasi yake itoe sifuri. La tano ni kuuharibu msimbo mpya kwa makusudi. Ondoa zile alama za kunukuu, endesha majaribio, uone kama yanalalamika. Yanalalamika: bei 2,000 kati ya 100,000, zote zinazoishia na 25 au 75, zinatoa jibu pungufu. Baada ya hapo mwandishi anaweza kuandika kwenye maelezo kwamba mtu akiziondoa alama hizo siku za usoni, majaribio yatamkamata.

Kisichobadilika

Sehemu ya mwisho ya maelezo ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo inayomlinda mhasibu. Ankara zilizokwisha kutolewa hazikokotolewi upya. Mteja aliyepewa karatasi yenye kodi ya 40 anabaki na 40, na vitabu vya miezi iliyofungwa havisogei. Maelezo yaseme hivyo waziwazi, na yataje tarehe ambayo kanuni mpya itaanza kutumika, ili anayelinganisha miezi miwili ajue kwa nini jumla hazifanani.

Na kuna tofauti ambayo marekebisho haya hayaigusi kabisa. Chukua ankara yenye mistari mitatu, kila mmoja shilingi 225. Programu inakadiria kila mstari: 41 mara tatu, yaani 123. Mhasibu akijumlisha bei kwanza anapata 675, asilimia 18 yake ni 121.5, inayopanda kuwa 122. Shilingi moja imetofautiana tena, na safari hii hakuna aliyekosea. Kukadiria kila mstari kisha kujumlisha, na kujumlisha kisha kukadiria, ni njia mbili halali zenye majibu tofauti, na hakuna amri ya Python inayoweza kuzipatanisha.

Mwandishi wa programu asiamue jambo hilo kimyakimya ndani ya marekebisho mengine. Aliandike kama swali, kwa mfano wa 123 na 122, alielekeze kwa anayewajibika kwa hesabu za duka, na jibu likija lipewe ombi lake lenyewe, lenye dalili yake, chanzo chake na majaribio yake. Yakichanganywa mawili kwenye ombi moja, zile tofauti 1,000 haziwezi kuhesabika tena, na mkaguzi anapoteza kitu pekee kilichomwezesha kusema kwa uhakika kwamba kosa lililotajwa ndilo lililoondolewa.